Nilisema "ndiyo" nikikubali kwamba haiwezekani, mgeni akasikia inawezekana: kontena la parachichi limetugombanisha

MpimaRungwe (mleta mada)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba nieleze jambo lililonikuta kazini msimu huu, kwa sababu limenikosesha raha kwa miezi miwili na bado sijajua kosa lilianzia wapi.

Mimi ni mpima ubora katika kiwanda cha kufungashia parachichi hapa Rungwe, nina umri wa miaka 29. Timu yetu ni ya mataifa matatu. Meneja wa mauzo ni Mholanzi na hukutana nasi kwa simu ya video kila Alhamisi, msimamizi wa upakiaji ni Mkenya, na mkuu wa idara ya mashamba ni Mtanzania mwenye miaka zaidi ya sitini, ambaye nitamwita Mzee. Mzee ndiye aliyenipokea kazini na kunifundisha kulijua tunda kabla sijashika mzani.

Mnunuzi wetu hapokei parachichi za Hass zilizo na maada kavu chini ya asilimia 23. Jumatano moja nilichukua matunda kumi ya shamba la juu, nikasaga nyama yake, nikapima gramu 100 na kuzikausha mpaka uzito ukaacha kushuka. Zilibaki gramu 20.8. Kwa lugha nyepesi, tunda lilikuwa bado changa, ingawa kwa macho lilikuwa kubwa na la kupendeza. Shamba hilo lilikuwa limevunwa tayari kwa amri ya Mzee, na matunda yake yangejaza paleti 7 kati ya 20 za kontena.

Alhamisi tukaingia kikaoni, Mzee akiwa amekaa pembeni yangu. Nilipopewa nafasi nilisema kwamba upande wa shamba la juu kuna changamoto kidogo na kwamba tunaendelea kuangalia. Nilikuwa nimeshatuma jedwali lenye ile 20.8, kwa hiyo niliamini kila mtu ameiona. Mholanzi akaniuliza kwa Kiingereza, "Kwa hiyo hatuwezi kupakia kesho?" Nikajibu, "Ndiyo." Akasema vizuri, tukaendelea na ajenda nyingine, nami nikashusha pumzi, nikijua ujumbe umefika bila Mzee kuaibishwa mbele ya mgeni.

Kesho yake asubuhi nikakuta paleti zinaingia kwenye kontena. Nikadhani wakubwa wamejadiliana baada ya kikao na kuamua vingine, nikanyamaza. Baada ya zaidi ya wiki nne mzigo ukafika Ulaya. Zile paleti 7, yaani maboksi 1,848 ya kilo nne nne, matunda yake hayakuiva. Ganda lilisinyaa na nyama ikawa kama mpira. Mholanzi akaandika barua pepe yenye nakala kwa watu tisa, isiyo na salamu hata moja, akisema kwamba nilijua na nikaficha, na kwamba Mzee alivuna mapema kwa uzembe.

Mimi sikuficha. Namba niliituma na kwenye kikao nilisema. Naomba kujua kutoka kwa wenye uzoefu wa kufanya kazi na wageni: mtu anasemaje hapana kwa mgeni wakati mkubwa wake ameketi hapo hapo?

Mkaushaji

Ndugu mleta mada, ulikausha kwa jiko la maikrowevu au kwa oveni? Maikrowevu ikiwa na moto mkali huunguza sampuli, na namba inayopatikana huwa ya chini kuliko ukweli. Pia matunda kumi ni machache ikiwa shamba lina miti ya umri tofauti. Inawezekana tunda lilikuwa salama na tatizo likawa ubaridi wa kontena.

MpimaRungwe

Ahsante kaka. Nilitumia maikrowevu kwa moto mdogo na nilirudia mara mbili, sampuli haikuungua. Matunda ya mashamba ya chini yalikuwa na 24.1, yalisafiri katika kontena hilo hilo na yakaiva vizuri, kwa hiyo ubaridi haukuwa tatizo. Shamba la juu lina baridi na huchelewa kukomaa. Naomba tubaki kwenye suala la mawasiliano.

NyandaZaJuu

Mkuu, jambo lako lina maelezo ya kisayansi. Yuko mtafiti wa Kiholanzi, Hofstede, aliyepima jinsi watu wa kila nchi wanavyoupokea ukubwa wa mkuu wao. Tanzania ina alama 64 na Uholanzi ina 38. Maana yake sisi tunaheshimu wakubwa na wao wanajiona sawa na wakubwa wao. Wazungu wote husema wazi, na Waafrika na Waasia wote huzunguka ili wasimvunjie mtu heshima. Hapo hukukosea chochote. Mgeni ndiye aliyekuja kwetu, kwa hiyo ajifunze desturi za mwenyeji wake.

BintiMafinga

Pole sana kaka. Na hilo neno "pole" ndilo lililonitia mimi matatani, kwa hiyo naomba niliseme ingawa si la parachichi.

Nilikuwa karani katika mradi wa misitu huku Mufindi, wenye wageni kutoka Ulaya ya kaskazini. Mfanyakazi mmoja aliumia mguu kwenye eneo la mkandarasi mwingine kabisa. Nikamwandikia barua mkuu wa mkandarasi huyo kwa Kiingereza, nikaanza kwa neno wanalotumia kuomba radhi, kwa sababu ndilo tunalofundishwa kuwa ni "pole". Mimi nilikuwa nampa pole kwa mtu wake kuumia. Wao wakaipeleka barua hiyo kwenye kikao cha bima kama ushahidi kwamba ofisi yetu imekiri kosa. Ilichukua majuma kadhaa kulifafanua, na mkuu wangu, mgeni naye, akaniambia kwamba sipaswi kuandika barua tena bila yeye kuisoma. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimefanya lile ambalo nyumbani kwetu mtu asipolifanya huitwa hana utu.

MkalimaniIringa

Nimekuwa mkalimani wa miradi hapa Iringa na Njombe kwa miaka mingi, na kisa cha ndugu MpimaRungwe nimekiona kikijirudia kwa sura tofauti, safari moja kwenye maji, safari nyingine kwenye viazi. Naomba nianze na lile "ndiyo", kwa sababu naamini kontena lilipotea hapo, na linaweza kuelezwa bila kumlaumu mtu.

Kwa Kiswahili, mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, unajibu "Ndiyo, sijala." Ndiyo yetu hukubaliana na maneno ya muulizaji. Kwa Kiingereza na Kiholanzi jibu hufuata jambo lenyewe: kama hujala unajibu hapana, hata kama swali lenyewe lilikuwa la kukanusha. Mgeni alipouliza "Hatuwezi kupakia?" alikuwa anasubiri hapana ili ajue kwamba hamwezi. Akasikia ndiyo, akaelewa kwamba inawezekana. Wajerumani wanalo neno maalumu la kupinga swali la kukanusha, ambalo ni "doch", na Wafaransa wana "si", kwa hiyo wao wenyewe wanajua kwamba hapo pana utelezi. Lakini mnapokutana katika Kiingereza ambacho si cha yeyote kati yenu, kila mmoja hubeba kanuni ya kwao bila kujua. Ndiyo maana nikikalimani sipitishi swali la kukanusha kamwe. Naligeuza: "Kesho tunapakia shamba la juu, au tunaliacha?" Hapo ndiyo tupu haiwezi kuwa jibu.

Sasa kwa ndugu NyandaZaJuu. Alama hizo zipo, ila 64 si ya Tanzania peke yake. Takwimu za mwanzo zilikusanywa kwa wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973, na kwa upande wetu ziliunganishwa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zikapewa alama moja. Namba iliyomweka Mkenya na Mtanzania kwenye kapu moja haiwezi kutuambia kwa nini msimamizi Mkenya na mpimaji wa Rungwe hawakuelewana. Vilevile si kweli kwamba wazungu wote husema wazi. Mwingereza akikuambia wazo lako linavutia, mara nyingi amekwisha kulikataa, na Mmarekani hulifunga kosa lako ndani ya sifa mbili. Mholanzi anawaona wote wawili kuwa hawasemi ukweli.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni jinsi mtu anavyolitaja kosa: wazi au kwa kuzunguka. La pili ni nani ana ruhusa ya kulitaja mbele ya nani. Mholanzi yuko wazi katika yote mawili: kijana anaweza kumwambia mkuu wake kikaoni kwamba amekosea, na mkuu hachukulii kwamba ametukanwa, kwa sababu kwao kosa ni la kazi na si la mtu. Kwetu ruhusa ndiyo ngumu zaidi kuliko maneno. Ndugu mleta mada angeweza kumwambia Mholanzi yote waziwazi kama Mzee asingekuwepo. Kwa hiyo kumfundisha "kuwa muwazi" kusingesaidia kitu, maana kilichomzuia ni mpangilio wa viti.

FundiBarabara

Mkalimani amegusa penyewe. Nilifanya kazi miaka mitatu na Wachina kwenye ujenzi wa barabara. Tuliambiwa kwamba wao ni kama sisi, wanajali sana uso wa mtu. Lakini msimamizi wao alikuwa akimfokea fundi mbele ya vibarua thelathini, na huyo huyo mbele ya mkuu wake hakufungua mdomo hata tulipokuwa tunaona kwamba kokoto zilizoletwa si zenyewe. Baadaye mkalimani wao akanieleza kwamba mkubwa kumfokea mdogo huonekana ni sehemu ya kumfundisha, ila mdogo kumrekebisha mkubwa mbele za watu ni kumvua uso. Kwangu mimi, Mnyakyusa, kufokewa mbele ya vijana ninaowaongoza kulikuwa ndiko kuvuliwa uso kwenyewe. Wote tunajali heshima, lakini hatujaiweka mahali pamoja.

MkenyaWaMwanjelwa

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, naishi Mbeya mwaka wa sita, na nimekuwa msimamizi wa ghala. Naomba nimtetee kidogo msimamizi wa upakiaji, ingawa simjui.

Mwezi wangu wa kwanza hapa nilikuwa naingia mgahawani Mwanjelwa nasema "Nipe chai." Mhudumu ananiletea, lakini uso umebadilika. Baadaye jirani akaniambia kwamba hapa husemwa "Naomba chai", na kwamba mtu anayesema "nipe" huonekana anamdharau mhudumu. Kwetu "nipe chai" haina ubaya wowote. Ghalani ilikuwa hivyo hivyo. Nikisema "Leta hiyo stakabadhi", vijana waliona nimewagombeza, wakawa hawaniambii mambo. Nami kwa upande wangu nilikuwa nasikia "kuna changamoto kidogo" nikaelewa kwamba ni kidogo. Hakuna aliyeniambia kwamba Mtanzania akisema "changamoto kidogo" mbele ya mkubwa huenda nyumba inaungua. Ndugu MpimaRungwe, kama ningekuwa mimi pale, ningepakia, na ningelala usingizi. Jedwali lako lilikuwa na mistari mingapi?

MpimaRungwe

Kaka, lilikuwa na mistari 22. Ile 20.8 ilikuwa mstari wa 14, na sikuipaka rangi. Nilidhani kuipaka rangi nyekundu ni sawa na kumnyooshea Mzee kidole.

MkenyaWaMwanjelwa

Basi ndugu yangu, kwa heshima zote, namba ilikuwepo lakini haikusemwa. Mtu mwenye ghala lenye lori linalonguruma nje hasomi mstari wa 14.

WakaliWaVwawa

Nimesoma yote na naona mnazunguka. Hapa hakuna utamaduni wowote, kuna mkataba. Mleta mada, mkataba wako ni wa muda gani? Ninyi wapimaji wengi mnaajiriwa kwa msimu, miezi mitano au sita, na anayeamua kama utarudi msimu ujao ni huyo Mzee. Mtu wa namna hiyo hawezi kumpinga anayeshika mkate wake, awe Mnyiha, Mholanzi au Mchina. Mholanzi husema wazi kwa sababu kwao sheria humlinda na kumfukuza kazi ni mchakato mrefu. Mpeni huyo kijana mkataba wa kudumu muone kama hatasema. Tunapoita woga huu "heshima yetu ya Kiafrika" tunamsaidia mwajiri aendelee kuajiri kwa msimu.

MpimaRungwe

Ni kweli mkataba wangu ni wa msimu. Lakini dada au kaka, naomba uniamini kwamba siku ile sikuwaza mkataba. Niliwaza kwamba Mzee huyu alikuja kumzika baba yangu.

MkalimaniIringa

Ndugu WakaliWaVwawa amesema jambo zito, na sitaki tulipite. Nimeona mradi mmoja ambapo wahandisi wa Kitanzania wenye ajira za kudumu walikuwa wanazungumza waziwazi na wageni, ilhali vibarua wa umri ule ule walinyamaza. Lakini pia nimemwona mhandisi mwenye ajira ya kudumu, asiye na cha kupoteza, akishindwa kumwambia mzee wa kamati ya maji kwamba bomba limepita juu ya kiwango. Kwa hiyo mkataba unaeleza sehemu, na sijui kuitenganisha na nyingine. Njia ninayotumia kupambanua ni kuangalia mtu anavyosema akiwa nje ya kikao. Akizungumza kwa uhuru na mkubwa yule yule wakiwa wawili, tatizo ni hadhara. Akinyamaza hata wakiwa wawili, mara nyingi ni woga wa kazi.

Niongeze jinsi ya kuitambua sawa isiyo sawa, kwa kuwa wageni huniuliza hili kuliko yote. "Sawa" yetu mara nyingi humaanisha "nimekusikia". Mgeni huchukulia kwamba amepata ahadi. Mimi huwashauri waulize swali linalotaka jina, saa na kitu: nani ataanza, lini, na kwa vifaa gani? Anayekubali atasema "Kesho saa mbili, Juma na gari dogo." Asiyekubali atasema "tutaangalia", "ngoja nifuatilie", au atakaa kimya kisha aulize habari za familia yako. Hayo tayari ni majibu kamili ya hapana kwa masikio yetu, na mgeni akiyapata ayapokee kama hapana, asiulize mara ya pili kwa sauti kubwa.

NyandaZaJuu

Nashukuru kwa kurekebishwa kuhusu alama, nilizisoma mtandaoni bila kujua zilikotoka. Lakini bado nashikilia kwamba mgeni ndiye wa kujifunza. Barua isiyo na salamu, yenye nakala kwa watu tisa, inayomtaja mzee kwa uzembe, hata kama kosa lipo, haikubaliki hapa. Ukiingia kwa Mhehe usiposema "kamwene" kwanza, hata uwe umeleta fedha, mazungumzo hayajaanza.

MzeeWaKalenga

Vijana, nawasalimu. Mimi nilikuwa mkuu wa idara kwa muda mrefu na sasa nimestaafu, nalima. Naomba nizungumze kwa niaba ya huyo Mzee, kwa kuwa nyote mmemsemea bila yeye kuwepo.

Mwanangu MpimaRungwe, ulifikiri unanilinda. Wewe ulikuwa na namba tangu Jumatano. Kikao kilikuwa Alhamisi. Katikati palikuwa na jioni nzima. Ungekuja nyumbani, ukanisalimu, ukakaa, kisha ukasema, "Mzee, nimepima, nimepata hii, naomba unishauri." Ningeumia, lakini ningekuwa nimeambiwa mimi kwanza, na kesho yake kikaoni ningesema mwenyewe kwamba shamba la juu tuliache. Mkubwa akilitangaza kosa lake mwenyewe, heshima yake hubaki. Akilisoma kwenye barua ya mgeni, haibaki kitu. Heshima ya kwetu haijawahi kukataza ukweli. Imeweka tu njia ya kuupitisha. Ndiyo maana posa hupelekwa na mshenga: jibu likiwa hapana, hapana hiyo humpata mshenga, na familia mbili huendelea kusalimiana.

Tena hata hadharani ipo milango. Mngoni anaweza kunisimamia mimi Mhehe mbele ya watu wote, hata msibani, akaniambia maneno makali ya kweli, na siwezi kukasirika kwa kuwa ni mtani wangu. Babu zetu walipigana vita, na sasa ana ruhusa hiyo. Nilipokuwa kazini tulikuwa na Mngoni mmoja stoo. Mambo mengi yaliyoshindikana kusemwa na wengine, yeye aliyasema kwa utani, nami niliyasikia. Mgeni hana utani na mtu yeyote hapa, kwa hiyo anahitaji mshenga. Je, mna mshenga katika timu yenu?

MkalimaniIringa

Shikamoo Mzee. Umenifundisha. Mimi nimekuwa nikilipwa miaka yote hii kuwa mshenga bila kuliita kwa jina hilo.

Ila naomba nitoe angalizo moja kwa unyenyekevu. Njia ya jioni inafaa pale ambapo jioni ipo. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca namba 52 kutoka Kolombia ilizungushwa angani zaidi ya saa moja kabla ya kuruhusiwa kujaribu kutua New York. Marubani waliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanakwisha na kwamba wanaomba kupewa kipaumbele, lakini hawakutamka neno la dharura ambalo kwa kanuni lingewafungulia njia. Ndege ilianguka na watu 73 kati ya 158 wakafa. Wapo wanaosema ni heshima ya marubani kwa waongozaji, wapo wanaosema ni lugha tu, na uzi huu hautaweza kuamua. Ninachochukua mimi ni kwamba penye haraka panahitajika neno moja lililokubaliwa kabla, ambalo likitamkwa hakuna anayeuliza limesemwa na nani wala kwa sauti gani.

BintiMafinga

Hilo neno lingetokana na Kiswahili ingekuwa bora zaidi, maana sisi tukizungumza Kiingereza kila neno tunalilainisha.

WakaliWaVwawa

Shikamoo Mzee wa Kalenga. Maneno yako ni mazuri, lakini si kila mkuu wa idara ni kama wewe. Wapo ambao kijana akienda nyumbani kwao jioni na namba ya namna hiyo, asubuhi hukuta jina lake halipo kwenye orodha ya zamu. Naendelea kusema kwamba mshenga bila mkataba hatoshi.

MzeeWaKalenga

Wapo. Sitabisha.

MpimaRungwe

Wanajukwaa, nimerudi baada ya majuma matano. Nimeona niwape mrejesho kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Kwanza nilikwenda kwa Mzee, jioni, kama nilivyoshauriwa, ingawa nilikuwa nimechelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba alijua shamba lile ni changa, lakini mkataba wa mnunuzi ulitaka kontena lijae wiki ile, na yeye pia alishindwa kumwambia Mholanzi kwamba halitajaa. Mimi nilikuwa namficha Mzee, na Mzee alikuwa anamficha mgeni, kumbe jambo ni lile lile moja.

Pili, tumebadilisha karatasi ya vipimo. Sasa haina mistari 22. Kila shamba lina karatasi yake, juu kabisa kuna namba moja, na chini yake masanduku mawili: PAKIA na SIMAMISHA. Namba ikiwa chini ya 23, sanduku la SIMAMISHA ndilo linalojazwa, na karatasi hubandikwa kwenye paleti yenyewe. Msimamizi wetu Mkenya hapakii paleti yenye karatasi hiyo hata akipigiwa simu. Neno hilo Mholanzi amelijua, analitamka kwa shida, ila analijua. Kinachonifariji ni kwamba sasa karatasi ndiyo inayosema hapana, mimi najaza tu. Na kabla ya kuibandika, nampigia Mzee, ili asiikute kwenye paleti.

Tatu, kaka MkenyaWaMwanjelwa, nilimweleza msimamizi wetu kuhusu "naomba" na "nipe". Akasema alikuwa anadhani tunamchukia kwa sababu ya utaifa wake.

Tumeitumia SIMAMISHA mara tatu. Mara mbili za mwanzo hakukuwa na neno. Mara ya tatu namba ilikuwa 22.6, Mholanzi akaudhika, akauliza kwa nini hatukumpigia simu tujadiliane, kwa kuwa tofauti ni ndogo na meli inaondoka. Yeye aliyetulaumu kwa kutosema, safari hii aliona tumesema kwa ukali mno. Nikamjibu kwa sentensi kamili, bila ndiyo wala hapana: "Shamba hili tunaliacha kwa siku kumi." Akakubali, lakini sauti yake ilionyesha kwamba hakupenda. Sijui kama ni desturi yao au ni hasira ya siku ile.

Barua yenye nakala tisa haijafutwa. Mholanzi alimwomba Mzee radhi kwa simu, wakiwa wawili, na kwa upande wake anaona imekwisha. Mzee anaona kwamba aliyetukanwa mbele ya watu tisa huombwa radhi mbele ya watu tisa. Alhamisi zote tangu wakati huo anahudhuria kikao, anajibu anachoulizwa, na kamera yake ameizima. Meneja mkuu ameniuliza kama mimi naweza kumweleza Mholanzi jambo hili. Nimemwambia mimi ni mdogo mno kulibeba, na nimemwomba MkalimaniIringa mawasiliano yake.

MkalimaniIringa

Nimekuandikia faragha. Nitakuja Tukuyu Jumanne. Mwambie Mzee kwamba nitapita kwake kwanza kumsalimu, kabla sijazungumza na mtu mwingine yeyote hapo kiwandani.